Mkupo Umeingia, Pensheni ya Mwezi Haionekani: Barua ya Kuuandikia Mfuko

Swali hili hunifikia kila mara, na waulizaji hutofautiana majina tu. "Nimestaafu tangu mwezi wa tatu, mkupo nimepata, lakini pensheni ya mwezi sijaiona hata senti. Ofisini nimekwenda mara nne, naambiwa nisubiri. Niandike barua? Niandikeje?"

Andika. Ila kuna kazi ya siku mbili tatu kabla hujashika kalamu. Barua nyingi za wastaafu nilizoombwa kuzisoma zilikuwa na uchungu wa kweli na Kiswahili safi, na bado hazikumpa afisa wa mfuko hata jambo moja la kufuatilia. Ninayoyasema hapa yanamhusu mstaafu wa Tanzania, awe mwanachama wa PSSSF, unaohudumia utumishi wa umma, au NSSF, unaohudumia sekta binafsi na waliojiajiri.

## Kwanza: je, unastahili pensheni ya mwezi?

Usiudhike na swali. Wapo wanaodai kitu ambacho kwa sheria hawana. Pensheni ya kila mwezi ni ya aliyechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, na aliyefikia umri wa kustaafu: 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Aliyepungukiwa na miezi hiyo hulipwa fungu moja, na habari yake inaishia hapo.

Kwa hiyo omba mfuko ukupe taarifa ya michango yako. Ni haki ya mwanachama, na ukiwa na simu unaweza kuipata kwenye mifumo yao ya mtandao. Hesabu miezi iliyoandikwa humo. Usihesabu miaka uliyofanya kazi, maana hizo ni hesabu mbili tofauti. Mtu aliyefanya kazi miaka 17 kwa mwajiri aliyekuwa akikata lakini hapeleki anaweza kukuta miezi 150. Huyo anahitaji barua nyingine, ya kudai michango isiyowasilishwa, na atahitaji hati zake za mishahara zinazoonyesha makato. Kama ulizichoma siku ya kufanya usafi, anza kuulizia nakala kwa mwajiri leo.

## Pesa imekwama wapi?

Madai ya mstaafu hupita kwa watu watatu: mwajiri, mfuko na benki. Anayelalamika bila kujua pesa imekwama kwa nani hupelekwa huku na huku kama mpira wa makaratasi. Ishara ya kwanza ni mkupo.

Kama hujapata mkupo wala pensheni, tatizo mara nyingi liko kwa mwajiri au kwenye nyaraka. Hapo ndipo huonekana haya:

- Mwajiri hajapeleka fomu ya madai, au ameipeleka bila barua ya kustaafu.
- Michango ya miezi ya mwisho haijafika mfukoni.
- Majina hayalingani. Barua ya ajira ya 1990 inasema Saidi, kitambulisho cha NIDA kinasema Said, na benki imeongeza jina la babu.
- Tarehe ya kuzaliwa kwenye ajira si ile iliyoko NIDA.

Kama mkupo umeingia na pensheni haionekani, basi shukuru kwa jambo moja: mwajiri amemaliza kazi yake, majina yamekubalika, miezi imehesabiwa. Mfuko hauwezi kukulipa mkupo bila kwanza kukokotoa pensheni, kwa sababu fungu hilo na malipo ya mwezi hutoka kwenye hesabu moja. Kilichobaki ni ama hujaingizwa kwenye orodha ya wanaolipwa kila mwezi, au umeingizwa na pesa inatumwa mahali usipo.

Hili la pili watu hawalifikirii. Ngoja nilieleze kwa kisa cha jirani yangu.

## Akaunti aliyoifunga mwenyewe

Jirani huyu alikuwa fundi mitambo. Alitimiza miaka 60 mwezi Machi 2024 na kustaafu tarehe 31 ya mwezi huo. Mkupo wake uliingia Juni, kwenye akaunti ile ile aliyokuwa akipokelea mshahara. Wiki mbili baadaye akaifunga. Sababu zake zilikuwa nzuri tu: tawi lilikuwa mbali, makato ya kila mwezi yalimkera, na kulikuwa na wakala wa benki nyingine hatua chache kutoka nyumbani. Akafungua akaunti mpya huko. Mfuko hakuuambia.

Kuanzia Julai hadi Oktoba alikuwa akienda ofisini na kurudi. Pale mapokezi aliambiwa, "Mzee, malipo yako yameshaandaliwa." Yeye akasikia uongo. Kumbe lilikuwa kweli kwa sehemu: pesa ilikuwa imetumwa, benki ikakuta akaunti imefungwa, ikairudisha. Aliyekaa mapokezi aliona imetumwa, hakuona imerudi. Nao wahasibu walioiona imerudi hawakuwa na namba ya simu ya mzee inayofanya kazi, maana laini ya zamani aliipoteza 2022.

Basi kabla ya barua, fanya haya:

1. Nenda benki na uulize kama akaunti uliyoandika kwenye fomu ya madai bado iko hai. Akaunti isiyotumika kwa muda mrefu hulala, na jina lake halionekani kuwa na kasoro mpaka uulize.
2. Omba taarifa ya akaunti tangu mwezi uliostaafu. Isome mstari kwa mstari. Nimeona mstaafu aliyekuwa akilipwa miezi mitano bila kujua, kwa sababu mkopo wa zamani ulikuwa ukimeza kila shilingi inayoingia.
3. Omba benki barua ya uthibitisho wa akaunti, yenye jina kamili, namba ya akaunti, tawi na muhuri. Utaiambatisha.
4. Tazama nakala ya fomu yako ya madai. Linganisha namba uliyoandika na iliyo kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine, hasa masifuri ya mwanzo.

Kama huna nakala ya fomu ya madai, kosa hilo tunalifanya karibu sote. Iombe kwa mwajiri.

## Jua unadai kiasi gani

"Mimi si mhasibu." Huhitaji kuwa mhasibu. Barua yenye kiasi husomwa tofauti na barua isemayo "haki zangu zote", kwani afisa anaweza kukilinganisha na kilicho kwenye kompyuta yake mara moja.

Kanuni iliyoanza Julai 2022 ni hii: chukua miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, kisha zidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya 10 ya mwisho. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa waliostaafu chini ya kanuni hiyo kabla ya 2025, asilimia 33 ya pensheni hiyo ilizidishwa kwa 12.5 ikawa mkupo, na asilimia 67 iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12.

Fundi wetu alichangia miezi 396. Mshahara wake bora ulikuwa wastani wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Hesabu yake:

- Pensheni kamili ya mwaka: 396 ÷ 580 × 14,400,000 = takriban 9,831,724
- Mkupo: 9,831,724 × 33% × 12.5 = takriban 40,555,862
- Pensheni ya mwezi: 9,831,724 × 67% ÷ 12 = takriban 548,938

Kuna njia ya mkato kwa waliostaafu katika kipindi hicho: gawanya mkupo wako kwa 74. Jibu litakaribia sana pensheni yako ya mwezi. Tumia mkupo kabla ya makato yoyote ya madeni. Ukistaafu 2025 au baadaye, usitumie 74, maana kiwango cha mkupo kimepandishwa tangu Januari mwaka huo. Wewe omba mfuko ukupe karatasi ya ukokotoaji wa mafao yako, nayo itakuwa na tarakimu zote.

Kisha orodhesha miezi. Pensheni huhesabiwa tangu ulipostaafu, haianzi siku faili lilipokamilika. Fundi alistaafu mwisho wa Machi, kwa hiyo mwezi wake wa kwanza ni Aprili. Akiandika mwanzoni mwa Novemba anadai Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Miezi saba mara 548,938 ni shilingi 3,842,566.

## Barua yenyewe

Hii ndiyo aliyoandika, nikiwa nimemsaidia kuikata kutoka kurasa tatu hadi moja. Majina na namba nimeziacha wazi.

> S.L.P. ……,
> Morogoro.
> Simu: ……
> 4 Novemba 2024
>
> Meneja wa Mkoa,
> (Jina la mfuko),
> S.L.P. ……,
> Morogoro.
>
> YAH: KUTOLIPWA PENSHENI YA KILA MWEZI TANGU APRILI 2024. UANACHAMA NA. ……
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Nilistaafu kwa umri tarehe 31 Machi 2024. Malipo ya mkupo niliyapokea Juni 2024 kupitia akaunti namba …… ya benki ……, tawi la …….
>
> 3. Hadi leo sijapokea pensheni ya mwezi hata mmoja. Ninayodai ni ya Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba 2024. Kwa makadirio ya shilingi 548,938 kwa mwezi, malimbikizo ni shilingi 3,842,566.
>
> 4. Akaunti iliyotajwa aya ya 2 niliifunga mwishoni mwa Juni 2024. Naomba malipo yangu yaelekezwe kwenye akaunti namba …… ya benki ……, tawi la ……, yenye jina langu. Barua ya benki nimeiambatisha.
>
> 5. Naomba nijibiwe kwa maandishi:
> (a) Jina langu limeingizwa kwenye orodha ya malipo ya mwezi, na tangu mwezi gani?
> (b) Kuna malipo yaliyotumwa yakarudishwa na benki, na ni ya miezi ipi?
> (c) Malimbikizo ya miezi saba yatalipwa lini?
> (d) Kama kuna nyaraka inayopungua, ni ipi?
>
> 6. Nimeambatisha nakala za barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa, fomu ya madai, taarifa ya akaunti ya zamani na barua ya benki mpya.
>
> Natanguliza shukrani.
>
> (Sahihi)
> (Jina kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu za mfuko)

Angalia aya ya 5. Hiyo ndiyo roho ya barua. Maswali manne, na kila moja lina jibu fupi ambalo mtu mmoja anaweza kulitafuta kwenye faili. Ukiandika "naomba mnisaidie", utajibiwa "suala lako linashughulikiwa", na hapo wote wawili mtakuwa mmesema kweli bila kusogea. Aya ya 4 nayo ilimgharimu fundi. Hakutaka kukiri kuwa alifunga akaunti. Nilimwambia mfuko hauwezi kutuma pesa kwenye akaunti usiyoijua, na kuficha hilo kungemrudisha pale pale.

Kama hukufunga akaunti yoyote, aya ya 4 iwe hivi: "Akaunti hiyo bado inatumika, kama inavyoonekana kwenye barua ya benki iliyoambatishwa."

## Yaliyokatwa kwenye kurasa zile tatu

Rasimu ya kwanza ya fundi ilianza na historia ya kazi tangu 1991, ikapita kwenye maradhi ya mkewe, ada za wajukuu na jinsi alivyosalimiwa vibaya na mlinzi. Namba ya uanachama haikuwemo kabisa. Makosa ninayokutana nayo zaidi ni haya:

- Mambo mawili ndani ya barua moja. Ukichanganya pensheni kuchelewa na malalamiko kwamba mkupo ulikuwa mdogo, barua itapelekwa kwa wakokotoaji, nao wataanza upya. Pensheni kwanza. La mkupo liandikie barua yake.
- Kutuma nyaraka halisi. Peleka nakala. Halisi wazione kwa macho, uondoke nazo.
- Jina la mtaani. Sahihi na jina viwe vya kwenye faili. Kama majina yako hayalingani, ambatisha kiapo cha majina kilichogongwa muhuri na wakili au hakimu.
- Vitisho aya ya kwanza. Mahakama na magazeti vina wakati wake, na si barua ya kwanza.
- Simu ya mtoto. Weka namba yako inayopatikana. Mtoto akihama au laini ikifungwa, unapotea.

Ule mwisho wa zamani, "Wako katika ujenzi wa taifa", wengine wananiuliza kama bado unafaa. Weka ukipenda. Hauongezi wala haupunguzi, na nakiri mimi hunifurahisha kuuona.

## "Nikiandika watanikasirikia, watalificha faili"

Hofu hii naisikia sana, hasa kwa waliowahi kufanya kazi serikalini na kuona mafaili yakipotea. Ndiyo maana ni lazima barua iache alama. Chapa nakala mbili. Ipeleke masijala, usimwachie mlinzi wala afisa uliyezoeana naye. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiweza, itume pia kwa barua pepe ya mfuko siku hiyo hiyo. Faili likipotea baada ya hapo, aliyepoteza ana kazi ya kujieleza.

Ukiwa mbali na ofisi ya mkoa, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Mwingine atasema ana mtu wa ndani, barua ya nini. Mtu wa ndani anaweza kukuambia faili liko meza gani, na hilo ni msaada mzuri. Hawezi kukulipa bila karatasi.

## Wakikaa kimya

Kila mfuko una mkataba wa huduma kwa mteja unaotaja siku za kujibu barua na za kulipa mafao baada ya nyaraka kukamilika. Uombe mapokezi au uusome kwenye tovuti yao, kisha hesabu siku kutoka tarehe ya muhuri. Ukiwa na hesabu hiyo, panda ngazi moja moja:

1. Siku zikipita, andika barua ya kukumbusha, aya mbili tu, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza na siku zilizotajwa kwenye mkataba.
2. Ikinyamaziwa nayo, mwandikie Mkurugenzi Mkuu wa mfuko, nakala kwa meneja wa mkoa. Ambatisha barua zote mbili zenye mihuri.
3. Baada ya hapo, iandikie Ofisi ya Waziri Mkuu, upande wa kazi na hifadhi ya jamii. Usimamizi wa mifuko ulihamia huko baada ya mamlaka ya SSRA kuvunjwa 2019, kwa hiyo anayekutuma SSRA anakutuma kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.
4. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na mlalamikaji halipi.

Usiruke ngazi. Ukianza juu, barua itateremshwa hadi kwa yule yule meneja wa mkoa, na utakuwa umepoteza wiki kadhaa njiani.

## Simu itakayokuja

Wiki chache baada ya kustaafu, na mara nyingine baada ya kufuatilia madai, mtu atakupigia. Atajua jina lako na mwajiri wako wa zamani. Atasema faili lako liko mezani kwake, limebaki kusainiwa, utume pesa "ya kulisukuma". Kata simu. Mfuko haulipishi kulipa pensheni wala haukuulizi namba ya siri. Akiwa afisa wa kweli na anataka hongo, TAKUKURU hupokea simu bure kwa namba 113.

## Jibu alilolipata

Fundi alijibiwa baada ya siku 19. Jina lilikuwa kwenye orodha tangu Julai, malipo mawili yalitumwa yakarudi, na baada ya hapo utumaji ukasimamishwa hadi akaunti irekebishwe. Ofisi ikapokea namba mpya.

Katikati ya Desemba simu yake ikalia. Zilikuwa zimeingia shilingi 3,293,628 za malimbikizo. Alifurahi, akataka kumchinjia mtu mbuzi. Nikamwomba atoe nakala ya barua tuhesabu kwanza. Hiyo ilikuwa miezi sita, na yeye alidai saba. Tukalinganisha na karatasi ya malipo aliyopewa: Julai haikuwemo. Barua ya pili aliiandika mwenyewe jioni ile ile, mistari sita, akitaja tarehe ya barua ya kwanza, aya ya 3 na mwezi unaopungua. Asubuhi alikuwa masijala, nakala mbili mkononi.